Kivuli cha mpigapicha

Wadau, pale Iyula, Mbozi, ukipiga picha mechi ya watoto saa kumi na moja jioni, jua likiwa mgongoni, kivuli chako kitalala uwanjani. Kukifuta ni rahisi: kwenye Photoshop unachukua Clone Stamp, unanakili vumbi la pembeni na kulibandika juu ya kivuli.

Miguel Tovar alifanya hivyo Julai 2011. Alikuwa Argentina kwenye Copa América, akilipigia picha shirika la Associated Press, na picha yenyewe ilikuwa ya watoto wakicheza soka vumbini. Mhariri akaona vumbi limejirudia, sehemu mbili zinafanana. Vumbi la kweli halifanyi hivyo. Shirika likaachana naye, likaondoa picha zake zote kwenye maktaba yake.

Utasema kivuli si habari. Kweli, lakini naona shirika lilikuwa sahihi: anayefuta kivuli leo, nitajuaje kwamba jana hakufuta mtu? Picha ya harusi, futa tu. Ya gazeti, sogea pembeni kabla ya kupiga, kata ukingo, au kiache kivuli chako kionekane.