Kisanduku cha Nairobi ndani ya nyuzi 1.5 za dunia

Uliza mkazi wa Mathare au Mukuru anaukumbukaje mwaka wa 2024, atakusimulia mafuriko. Mwezi wa Aprili mito ilifurika, vibanda vya mabati vikasombwa, na mwanzoni mwa Mei serikali ikaamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Joto halimo sana katika masimulizi hayo. Lakini Januari 2025 Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilitangaza kwamba 2024 ndio uliokuwa mwaka wenye joto kuliko yote tangu vipimo vianze kuwekwa, na kwamba wastani wa dunia ulizidi ule wa kati ya 1850 na 1900 kwa nyuzi 1.55.

Kwa kuwa Mkataba wa Paris wa Desemba 2015 unataka ongezeko hilo libaki chini kabisa ya nyuzi 2, na juhudi zifanywe lisipite 1.5, wengi waliuliza kama mpaka umekwisha kuvukwa. Wataalamu walijibu kwamba bado. Jibu hilo lilisikika kama ujanja wa wanasiasa, ila halikuwa hivyo. Ili kulielewa inabidi kujua nambari hiyo ilitoka wapi na hutengenezwaje.

Tuanze na miaka yenyewe, 1850 hadi 1900. Nairobi haikuwepo. Reli ya Uganda ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899, ikakuta kinamasi na malisho ya Wamaasai, na wakati huo kipindi hicho cha nusu karne kilikuwa kinaelekea ukingoni. Pumwani, Kaloleni, Jericho, Buruburu, Dandora na Umoja zote zilijengwa katika karne iliyofuata. Basi hali ya dunia ya "zamani" inayotumiwa kutupima leo ilijengwa kwa vipimo vya Ulaya, mashariki mwa Marekani, India na sehemu chache nyingine, pamoja na daftari za meli. Bara la Afrika, ukiondoa vituo vichache vya pwani, karibu halimo.

Miaka hiyo haikuchaguliwa kwa sababu viwanda vilianza 1850, maana vilikuwa vimekwisha kuanza karne moja nyuma. Ilichaguliwa kwa sababu ni kuanzia hapo ndipo vipimo vinapotosha kukadiria dunia nzima. Mkataba wa Paris wenyewe unataja tu hali ya kabla ya viwanda, bila kutoa mwaka wala kanuni ya hesabu. Nchi karibu 200 zilikubaliana juu ya lengo na kuwaachia wanasayansi kazi ya kusema linapimwaje, jambo ambalo mwanasheria yeyote wa mikataba ya biashara angelistaajabia.

Hesabu yenyewe ni ya zamani kuliko siasa hizo. Mwaka wa 1938 mhandisi wa mvuke wa Kiingereza, Guy Callendar, alikusanya rekodi za vituo 147 na kuzipigia hesabu kwa mkono, nje ya saa zake za kazi. Aliona kwamba nchi kavu ilikuwa imepata joto kwa takriban nyuzi 0.3 katika miaka hamsini, naye akalihusisha na hewa ya kaboni inayotokana na makaa ya mawe. Wazee wa chama cha hali ya hewa cha London walimsikiliza kwa adabu, lakini hawakushawishika. Yeye mwenyewe alidhani ongezeko hilo lingekuwa la heri kwa wakulima wa kaskazini.

Alichofanya Callendar kwa kalamu ndicho kinachofanywa leo kwa kompyuta, ila sasa vituo ni maelfu. Tufuate kipimo kimoja cha Nairobi.

Katika makao makuu ya idara ya hali ya hewa, Dagoretti Corner, kipo kisanduku cheupe cha mbao chenye kuta za vipande vilivyolala kama vya dirisha la luva, kimesimama juu ya nyasi kwa miguu mirefu. Ndani yake vipimajoto hukingwa na jua huku hewa ikipita. Upande wa Eastlands vipo vituo kwenye viwanja vya ndege, Eastleigh katika kambi ya jeshi la anga na Embakasi katika uwanja wa kimataifa. Kila siku huandikwa joto la juu kabisa na la chini kabisa. Viwili hivyo hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili, hiyo ikawa wastani wa siku. Siku zikikamilika, mwezi hupata wastani wake, na ripoti ya mwezi huo hutumwa katika mtandao wa WMO, ambako vituo vya Uingereza, Marekani, Ulaya na Japani huichukua.

Hapo ndipo mtu angetarajia wajumlishe nyuzi za miji yote na kugawanya. Hawafanyi hivyo. Tuseme wastani wa Machi wa Nairobi ni nyuzi 20 na wa Mombasa ni 28. Vituo hivyo viwili pamoja vinatoa 24. Mwaka unaofuata kila mji unaongezeka kwa nusu nyuzi, lakini ripoti ya Mombasa haikufika. Umebaki na 20.5, na hesabu inasema pwani na bara pamoja zimepoa kwa nyuzi tatu na nusu, ilhali kila mahali pamezidi joto. Kilichobadilika sana ni orodha ya vituo.

Dawa yake ni kupima kila kituo dhidi yake chenyewe. Huchukuliwa miaka 30, kwa mfano 1961 hadi 1990, na wastani wa kila mwezi wa kituo hicho katika miaka hiyo ukawa kawaida yake. Kinachoingia katika hesabu ya dunia ni tofauti tu na kawaida hiyo. Nairobi imezidi kwa 0.5, Mombasa imezidi kwa 0.5, na hata Mombasa ikikosekana jibu ni 0.5. Faida ya pili ni kwamba tofauti hizi husambaa mbali. Mwezi ukiwa na joto kuliko kawaida Dagoretti, huelekea kuwa hivyo Narok na Makindu pia, ingawa nyuzi zenyewe hazifanani. James Hansen na Sergej Lebedeff wa NASA walionyesha mwaka 1987 kwamba uhusiano huo unaweza kutumika hadi kilomita 1,200. Ukichora duara la ukubwa huo kutoka Nairobi, Mogadishu na Addis Ababa zimo ndani.

Kabla ya hapo kuna usafi wa kufanya. Kituo kikihamishwa kutoka Dagoretti hadi Embakasi, kinashuka mita 170 hivi, na hewa ya huko ina joto zaidi kwa kama nyuzi moja. Katika rekodi utaona ngazi ya ghafla, mwezi mmoja hadi mwingine, ambayo majirani zake Narok, Nyeri na Makindu hawanayo. Hiyo ndiyo dalili. Mabadiliko ya kweli ya hali ya hewa huwagusa majirani pia, lakini uhamisho, kipimajoto kipya au majengo yaliyozingira kituo hukigusa kimoja peke yake. Ngazi hiyo hupimwa na kuondolewa.

Baharini, ambako ni asilimia 71 ya dunia, shida ilikuwa ndoo. Mabaharia wa zamani waliteka maji kwa ndoo ya turubai, na maji yalipoa kidogo kwa upepo kabla ya kupimwa. Baadaye meli zikapima maji yanayoingia kwenye injini, ambayo yana joto kidogo zaidi. Marekebisho ya hilo hupandisha joto la bahari la zamani, na matokeo yake ni kwamba ongezeko la jumla la dunia linapungua. Wanaodai kwamba wataalamu huzichezea takwimu ili kututisha wangefaa kuanzia hapo.

Kisha dunia hukatwa vipande. Katika rekodi ya Uingereza, HadCRUT, kila kipande ni nyuzi tano za latitudo kwa tano za longitudo. Kipande chetu kinaanzia ikweta hadi latitudo 5 kusini, na kutoka longitudo 35 hadi 40 mashariki. Ndani yake zimo Nairobi, Nakuru, Nyeri, Garissa, Narok, Mombasa na Kilimanjaro, wakati Kisumu na Lamu zimebaki nje. Kila kipande hupewa kura kulingana na eneo lake, sio kulingana na idadi ya vipimajoto, la sivyo Ulaya peke yake ingeamua joto la dunia. Cha kwetu kina kilomita za mraba 308,000 hivi, yaani sehemu moja kati ya 1,650 za uso wa dunia. Kikizidi joto kwa nyuzi moja mwaka mzima, wastani wa dunia hautapanda hata kwa elfu moja ya nyuzi.

Mwishoni jibu la dunia hulinganishwa na wastani wa 1850 hadi 1900. Kwa mwaka wa 2024 taasisi sita zilifanya hesabu hii, kila moja kwa njia yake, zikapata majibu kati ya 1.46 na 1.62. Kwa miaka ya karibuni zinakubaliana sana. Zinakoachana ni nyuma, katika karne ile ya 19 yenye vituo vichache, na pia katika namna ya kujaza maeneo ya ncha za dunia. WMO ilichukua wastani wa zote sita, ikapata 1.55, na kuongeza kwamba inaweza kukosea kwa 0.13 juu au chini.

Sasa lengo lenyewe. Nyuzi 1.5 hazisemi Buruburu itaongezeka kwa nyuzi moja na nusu. Bahari hupata joto polepole kuliko nchi kavu. Kwa hesabu ya jopo la Umoja wa Mataifa, IPCC, katika miaka ya 2011 hadi 2020 dunia nzima ilikuwa imeongezeka kwa 1.09, lakini nchi kavu ilikuwa imefika 1.59 na bahari 0.88. Hoja hiyo ndiyo aliyoisimamia Lumumba Di-Aping wa Sudan, msemaji wa nchi zinazoendelea katika mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009, alipokataa lengo la nyuzi 2: alisema kwa Afrika lingemaanisha zaidi. Nchi za visiwa nazo zilikuwa zikidai 1.5, na miaka sita baadaye nambari hiyo ikaingia Paris.

Wala kipimajoto cha juu ya nyasi hakisemi kilichomo ndani ya nyumba. Watafiti waliotundika vipimajoto Mathare, Mukuru na Kibera katika msimu wa joto wa 2015 kuingia 2016 walikuta hewa ya huko imezidi ile ya Dagoretti kwa nyuzi kadhaa. Mabati, msongamano na ukosefu wa miti vinatosha kufanya hivyo. Joto hilo haliingii katika 1.5, na kulipunguza ni kazi ya jiji.

Kinachobaki ni kwa nini 2024 haukuvunja mpaka. Mwaka mmoja hubeba mambo ya muda, na huo ulianza na El Niño iliyoipasha joto bahari ya Pasifiki. Kwa hiyo IPCC hutumia wastani wa miaka 20, na mwaka wa kuvuka huhesabiwa kuwa ule wa katikati. Ubaya wake ni kwamba ukingoja miaka yote 20 ipite, utatangaza habari iliyopitwa na miaka kumi. Ndiyo maana wataalamu huunganisha miaka iliyopita na makadirio ya ijayo, au hunyoosha mstari wa mwelekeo hadi leo. Kwa njia hizo WMO ilikadiria kwamba mwaka 2024 ongezeko la muda mrefu lilikuwa kati ya 1.34 na 1.41. Na ongezeko hilo linaendelea: kwa makadirio ya IPCC, kila tani bilioni 1,000 za kaboni dioksidi huongeza takriban nyuzi 0.45, na kwa sasa dunia hutoa tani karibu bilioni 40 kila mwaka.