Unataka Kupandisha Bei? Hivi Ndivyo Unavyowaambia Wateja Wasikukimbie

Tuchukue mfano wa mama ntilie anayepeleka chakula cha mchana maofisini. Sahani ya wali nyama anauza 3,000. Zamani ilimgharimu 2,400, sasa mchele na mafuta vimepanda, inamgharimu 2,700. Kwa sahani 60, faida ya siku imeshuka kutoka 36,000 hadi 18,000. Anataka kuuza 3,500. Aseme vipi?

Kwanza, asisubiri mteja ajue wakati wa kulipa. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, maana mtu ameshakula na mfukoni ana 3,000 tu. Atume meseji wiki moja kabla, fupi kama hii:

"Habari za leo. Kuanzia Jumatatu ijayo wali nyama utakuwa 3,500 badala ya 3,000. Mchele na mafuta vimepanda, na kipimo hatupunguzi. Wali maharage unabaki 2,000. Aliyekwishalipia atakula kwa bei ya zamani mpaka siku zake ziishe. Karibuni."

Angalia mpangilio wake. Bei mpya na siku ya kuanza vimekuja mwanzoni, hakuna kuzungukazunguka. Sababu ni moja, tena kwa sentensi moja. Ukianza kuorodhesha mkaa, kodi, nauli na ada za watoto, unamkaribisha mteja apige hesabu zako: "Mbona nyama haijapanda?" Hapo utajikuta unajitetea. Pia hajaomba msamaha mara tatu, kwa sababu ukiomba sana, mteja anaona kama unamuibia.

Kilichobaki vilevile nacho kimetajwa. Mwenye hali ngumu ameonyeshwa pa kwenda bila kuaibishwa, na aliyelipa mapema ameona ahadi yake imeheshimiwa.

Akitokea mteja wa kulalamika, usibishane. Mjibu: "Ni kweli imepanda, ndugu yangu. Maharage bado ni 2,000, nikuwekee?" Ila usimpunguzie yeye peke yake kimyakimya. Ofisini watu wanakula meza moja, na wenzake wakijua, wote watadai bei yake.

Kosa jingine ni kuacha bei palepale na kupunguza nyama kwa siri. Mteja anajua vipande vyake. Hatasema kitu, atahama tu.

Baada ya hapo, hesabu sahani kwa wiki mbili. Kwa 3,500, kila sahani inaacha 800, kwa hiyo hata zikishuka hadi 45, faida inarudi 36,000. Wiki ya kwanza zikipungua kidogo, usikimbilie kurudisha bei. Lakini zikishuka chini ya 23, unapata pungufu ya ile 18,000 ya mwanzo. Hapo ujue bei imewashinda, na meseji nzuri peke yake haiwezi kuiokoa.