Uonaji: Nyumba ya Itetemia na Vizazi Vitatu vya Watemi

Katika elimu ya masimulizi iko istilahi ya kigeni iitwayo fokalaizesheni, iliyotungwa na mtaalamu wa Kifaransa Gérard Genette katika kitabu alichokitoa mwaka 1972, naye alilazimika kuitunga kwa kuwa aliwaona wahakiki waliomtangulia wakichanganya maswali mawili yasiyo na jawabu moja: ni nani asemaye katika hadithi, na ni nani aonaye. Vitabu vyetu aghalabu huifasiri kwa neno mtazamo, na tafsiri hiyo si batili, ila ina dosari moja, kwamba mtazamo kwetu ni rai pia, hata mwanafunzi akiulizwa mtazamo wa hadithi hujibu kwa kueleza mwandishi anafikiri nini juu ya ndoa au siasa. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea kuiita uonaji, na yule au kile ambacho hadithi inatazamiwa kutoka kwake nikakiita mwonaji, jina la msimulizi likabaki kwa mwenye kusema peke yake.

Tofauti hiyo hudhihiri zaidi pale mwonaji asipokuwa mtu. Mwandishi akiambiwa asimulie habari za ukoo mmoja kwa njia ya nyumba iliyowashuhudia babu, wana na wajukuu wakiingia, wakigombana na kuondoka, jambo la kwanza linalomjia ni tashihisi, yaani kukipa kisicho hai sifa za aliye hai; basi nyumba hufunguliwa kinywa na kuanza kusema "mimi". Lakini tashihisi na uonaji ni mambo mawili. Nyumba yaweza kuona bila kusema neno, sauti ya msimulizi ikawa sauti ya kawaida isiyo na jina, ila msimulizi huyo akajifunga kwa sharti kwamba hatasimulia ila yale ambayo yangeonekana au kusikika kutoka ndani ya kuta hizo. Sharti hilo ndilo uonaji wenyewe, na kwa maoni yangu ni gumu na lina faida kubwa kuliko kinywa cha tashihisi, kwani nyumba isemayo "mimi" huwa na deni la kueleza lugha hiyo imejifunza wapi na inamwambia nani.

Tuchukue mfano wa Itetemia, karibu na Tabora, makao ya kale ya watemi wa Unyanyembe, mahali ambapo njia kuu ya misafara itokayo Bagamoyo ilikuwa ikipita ikielekea Ujiji. Tuseme hapo pana tembe moja la jamaa za mtemi, nyumba ya kubuni katika mahali pa kweli: kuta za miti na udongo, vyumba vyembamba vilivyouzunguka ua, paa bapa la udongo uliopigwa juu ya magogo, na mlango mmoja mkubwa unaoelekea njia. Umbo hilo lina maana kwa kazi yetu, maana limekwisha kutupa mipaka ya mwonaji: ua unaonekana wote, chumba kinasikika kuliko kinavyoonekana, na nje ya mlango hakuna kinachojulikana ila kile kinachopita au kinacholetwa. Nimesema la jamaa za mtemi, sikusema ikulu, kwa hadhari. Kwa desturi ya Unyamwezi mtemi mpya mara nyingi alihamisha ikulu yake, na mwandishi akiifanya ikulu kuwa mwonaji atajikuta katika sura ya pili na nyumba nyingine asiyoitaka.

Kizazi cha kwanza kinaingia na Fundikira. Richard Burton, aliyepita Unyanyembe mwaka 1857, ameandika kwamba Fundikira alikuwa mpagazi katika msafara uliokuwa ukishuka pwani, habari za kifo cha baba yake zikamkuta njiani, naye akautua mzigo wake akarudi kwao kutawala. Hapa ndipo mwandishi anapojaribiwa kweli. Kisa ni kizuri mno, na kila mmoja angependa kulionyesha tendo lile la kuutua mzigo. Lakini mzigo ulituliwa njiani, mbali sana na mlango wetu, na nyumba haikuuona. Ilichonacho nyumba ni mtu aliyeingia uani jioni akiwa hana mzigo, na bega lake lina sugu. Tazama jinsi aya inavyoweza kwenda:

"Aliingia akiinamisha kichwa, kama aingiavyo mtu aliyezoea kupita mlangoni na mzigo, ingawa safari hii hakuwa na kitu. Wazee waliokuwa wameketi barazani waliinuka wote pamoja. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitwanga akauacha mchi ndani ya kinu, akapiga makofi mara mbili, asiseme neno. Yule mtu akalishika bega lake la kuume, penye sugu, akaliachia."

Katika maneno hayo hapana moyo wa mtu uliofunguliwa. Hatuambiwi kwamba alihuzunika au alifurahi, wala kwamba alikuwa amesikia habari gani. Msomaji anayapata hayo kwa wazee kuinuka na kwa mkono kuliendea bega. Lau ningaliandika "alikumbuka mzigo alioutua kule njiani," uonaji ungalivunjika palepale, kwa kuwa kukumbuka ni jambo la ndani, na nyumba haikai ndani ya mtu.

Ugomvi ndio sehemu tajiri ya hadithi. Fundikira alipokwisha kufariki, karibu na mwaka 1858, alimrithi Mnywa Sere, naye akataka kutoza kodi bidhaa za wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wamefanya Tabora kituo chao. Hao hawakukubali, wakamsaidia Mkasiwa, mtu wa nasaba ileile ya utawala, hata Mnywa Sere akatolewa karibu na mwaka 1860, akaishia kutangatanga na kupiga vita njiani mpaka alipouawa mwaka 1865. Mwandishi wa historia ataanza na kodi, akaeleza sababu, akataja makundi. Mwandishi wa tembe hana njia hiyo. Kodi kwake haina umbo mpaka igeuke kuwa kitu kilichomo uani. Basi kwanza ataonyesha mizigo ya merikani na shanga ikilala uani usiku mmoja zaidi kuliko desturi, wenyewe wakisubiri na kunong'ona. Kisha mizigo ikipungua. Kisha misafara ikipita mlango bila kusimama, vumbi tu likiingia. Nao ugomvi wa jamaa utasikika kwa mafungu kupitia ukutani, na hapo kusikia nusu si udhaifu wa hadithi, bali ndio hadithi:

"Nyuma ya ukuta sauti ya kijana ilisema, 'Mjomba, wewe utakaa upande upi?' Mzee hakujibu kwa muda mrefu. Mwisho alisema, 'Funga mlango kwanza,' na mlango ukafungwa."

Baada ya hapo nyumba haijui, wala msomaji hajui, mpaka asubuhi chumba cha mzee kionekane kitupu au kingali na mtu. Mwandishi asiye na subira atamtuma mjumbe aje aeleze yote, akadhani ameshika sharti kwa sababu mjumbe amesema akiwa uani. Kwa herufi ya sharti hajakosea, ila ameipoteza faida yake, maana mjumbe aelezaye kila kitu ni msimulizi mwingine aliyeingizwa kwa mlango wa nyuma. Habari za kifo cha Mnywa Sere, mathalani, zingefaa kuingia kwa pande zisizolingana: ngoma iliyolia upande wa ikulu, mpita njia aliyeomba maji na kutaja jambo nusu, na mwanamke mmoja ambaye tangu siku hiyo hatoki barazani wageni wanapokuja.

Namna ya kuchunguza kama uonaji umeshikika ni rahisi, nayo hufanywa kwa kalamu nyekundu juu ya rasimu. Pitia kila sentensi, upige mstari chini ya vitenzi vya moyoni, kama alitamani, alijua, aliogopa, alikumbuka. Kisha pitia tena, upige mstari chini ya kila tendo lililotukia nje ya mlango. Penye mistari mingi, nyumba imekwisha kugeuka kuwa mtu, au imeota miguu. Nimeona katika maandishi ya wanafunzi kwamba miguu huota zaidi sura ya vita inapofika.

Na vita vinafika na kizazi cha tatu. Isike, mwana wa Mkasiwa, alitawala baada ya baba yake, akapambana na Wadachi waliokuwa wakiingia bara. Mashambulizi yao ya mwaka 1892 hayakumtoa, ila Januari 1893 Tom von Prince aliivunja ngome yake, na Isike akawasha baruti ndani yake ili asitiwe mkononi. Huo ni msiba mkubwa kuliko yote katika ukoo huu, na tembe letu halikuwamo ngomeni. Wako watakaosema kwamba hapo uonaji wa nyumba umeshindwa, na kwamba yafaa mwandishi auache kwa sura moja. Mimi sikubali. Virginia Woolf, katika sehemu ya kati ya riwaya yake ya mwaka 1927 juu ya safari ya kwenda kwenye mnara wa taa, aliiacha nyumba ya pwani peke yake kwa miaka kumi, na kifo cha mama wa jamaa ile akakitia katika mabano, kwa sentensi moja, baina ya habari za upepo na vumbi. Na kifo hicho humshtua msomaji kwa sababu kimepita upesi namna ile. Kadhalika tembe litasikia kishindo, udongo kidogo utaanguka kutoka darini, kuku watatawanyika uani, na sura itakwisha kabla ya mtu yeyote kutaja jina la mtemi.

Iko hesabu nyingine ambayo wengi huisahau, nayo ni umri wa mwonaji. Tembe si mawe. Mchwa hula nguzo zake, na mvua za masika huporomosha paa la udongo lisipopigwa upya. Nyumba ya baina ya miaka ya Fundikira na Isike, yapata miaka hamsini, imekwisha kubadilishwa magogo na kuezekwa upya mara nyingi. Basi matengenezo hayo yawe kalenda ya hadithi badala ya tarehe: gogo jipya, jeupe, kati ya magogo yaliyosawijika kwa masizi ni alama ya kizazi kilichoingia, na pahali pa paa pasipotengenezwa msimu huu pasema kwamba vijana hawakurudi. Msomaji atajua wakati umepita bila kuambiwa.

Uonaji huu una mpaka ambao hautibiki. Unawafaa wale wenye mlango wa kuingilia na kutokea, yaani jamaa za watemi na wenye mali. Lakini umati wa Wanyamwezi waliobeba pembe na nguo katika njia ile, na watumwa waliosukumwa mbele ya mlango wetu, walilala kambini, na nyumba iliwaona kwa muda wa kupita tu. Fundikira mwenyewe, angalipatwa na mauti safarini akiwa mpagazi, asingalipata hata aya moja. Mwandishi anayewataka watu hao hana budi kumhamisha mwonaji kutoka nyumbani hadi njiani, na hapo afanye kazi upya tangu mwanzo, kwa kuwa njia huona watu wengi mara moja moja, wala haimwoni mtu mmoja akizeeka.