Mimba ya mrija katika ultrasaundi
Mimba ya mrija ni mimba iliyotunga katika mrija wa falopio badala ya mji wa mimba. Mjamzito wa wiki 6 hushukiwa kuwa nayo iwapo ultrasaundi ya ukeni haionyeshi kifuko cha mimba ndani ya mji, huku pembeni pakionekana uvimbe wenye umbo la pete. Lakini ovari nayo hubaki na uvimbe unaofanana na huo baada ya kutoa yai, kwa hiyo mpimaji hubonyeza taratibu kwa kifaa chake, na uvimbe ukiteleza peke yake, ukaachana na ovari, huelekea kuwa wa mrija. Mji mtupu pekee hauthibitishi, kwani mimba yaweza kuwa changa mno au imekwisha kutoka. Majimaji yenye chembechembe nyuma ya mji huashiria damu inayovuja.