Hasara Mbili za Ukiritimba Asilia

Tukisema ukiritimba, wengi humfikiria mtu aliyeshika soko na kuwafungia wenzake mlango. Neno "asilia" likiongezwa, sababu inahamia kwenye gharama zenyewe. Ukiritimba asilia ni hali ambapo muuzaji mmoja hulihudumia soko zima kwa gharama ndogo kuliko wawili.

Tuchukue mji wa kubuni wenye kampuni moja ya maji. Mabomba, matangi na pampu hugharimu shilingi 3,000,000 kwa mwezi, hata lisipouzwa tone. Juu ya hapo, kila uniti ya maji, yaani lita 1,000, hula shilingi 1,000 za umeme na dawa. Hiyo ndiyo gharama ya nyongeza. Kampuni ya pili ingelazimika kutandika mabomba yake sambamba na yale ya kwanza, na wateja wangelipia mitandao miwili.

Kampuni ikiachwa ijipangie bei, itachagua shilingi 3,000 kwa uniti. Wateja watanunua uniti 2,000, nayo itabaki na faida ya shilingi 1,000,000. Lakini kwa shilingi 1,000 wangenunua uniti 4,000. Zile 2,000 zilizokosekana zilikuwa na thamani kubwa kwa wanunuzi kuliko gharama ya kuzitoa. Tofauti hiyo, wastani wa shilingi 1,000 kwa uniti, inafikia 2,000,000, na haiingii mfukoni mwa yeyote. Naiita hasara mfu.

Bei ikishushwa hadi gharama ya nyongeza, shilingi 1,000, hasara mfu inakwisha. Inazuka nyingine, hasara ya hesabu: mauzo yanalipia umeme na dawa tu, zile 3,000,000 za mtandao zinabaki bila mlipaji. Mwaka 1938 mwanauchumi Harold Hotelling alitetea bei ya namna hii, pengo lizibwe kwa kodi. Ronald Coase alimpinga mwaka 1946: asiyetumia huduma amlipie mwenzake kwa nini? Afadhali mteja alipe ada ya kuunganishwa, kisha bei ndogo kwa kila uniti.

Njia ya kati ni bei ya gharama wastani. Kwa shilingi 2,000 wateja hununua uniti 3,000. Ziada ya 1,000 kwa kila uniti inalipa mtandao wote. Hasara ya hesabu ni sifuri, na hasara mfu inabaki 500,000, robo ya ile ya mwanzo.

Tatizo ni kwamba wastani huo hutoka kwenye vitabu vya kampuni yenyewe. Bomba likivuja, gharama ya maji yaliyopotea hugawanywa kwa uniti zilizouzwa, wastani unapanda na bei nayo. Kwa hiyo mdhibiti, kama EWURA nchini Tanzania, akipelekewa ombi la kupandisha bei, alinganishe kwanza maji yaliyosukumwa na maji yaliyolipiwa. Kampuni inaweza kuonyesha hasara ya hesabu sifuri huku mteja akilipia maji yaliyoishia mtaroni.