Mtoto anapopata jozi ya kromosomu kutoka kwa mzazi mmoja

Kwa kawaida, binadamu ana kromosomu 46 zilizopangwa katika jozi 23. Katika kila jozi, kromosomu moja hutoka kwa mama na nyingine kwa baba. Hata hivyo, mara chache mtoto huzaliwa na kromosomu zote 46, ilhali jozi moja imetoka kwa mzazi mmoja pekee. Hali hiyo huitwa disomia ya mzazi mmoja.

Mara nyingi kasoro huanzia katika yai la mama. Yai hubakia, kwa mfano, na kromosomu mbili za nambari 15 badala ya moja, na linaporutubishwa, mimba huwa na tatu. Mimba nyingi za aina hiyo huharibika. Baadhi hunusurika kwa kuwa seli moja hupoteza kromosomu ya ziada mapema, kisha seli hiyo ndiyo hujenga mwili wa mtoto. Ikiwa zote tatu zina nafasi sawa ya kupotea, mara moja kati ya tatu itapotea ile ya baba. Idadi imekuwa sawa, lakini mtoto amebaki na nakala mbili za mama.

Katika kromosomu 15, zipo jeni zinazofanya kazi katika nakala ya baba tu, kwa kuwa zile za mama hufungwa kwa alama za kikemikali. Asipokuwa na nakala ya baba, mtoto hupata maradhi ya Prader-Willi. Huzaliwa akiwa mlegevu na hushindwa kunyonya vizuri, kisha baada ya miaka michache huandamwa na njaa isiyokwisha. Takriban robo ya wagonjwa hao wana disomia ya mama.

Madhara ya pili huonekana kama nakala hizo mbili, au sehemu zake, zinafanana kabisa. Hapo jeni mbovu ya mama, ambayo ingefunikwa na jeni nzima ya baba, hujitokeza mara mbili. Mwaka wa 1988, watafiti nchini Marekani walieleza kuhusu msichana mfupi aliyeugua sistiki faibrosisi, ingawa baba yake hakuwa na jeni ya ugonjwa huo. Kromosomu zake zote mbili za nambari 7 zilitoka kwa mama.

Kuhesabu kromosomu hakutoshi kugundua hali hii, maana hesabu huwa kamili. Hulazimu kulinganisha DNA ya mtoto na ya wazazi wote wawili, katika kromosomu kadhaa. Alama za baba zikikosekana katika jozi moja tu, huku zikipatikana katika nyingine, yeye ndiye baba halisi na hapaswi kushukiwa. Wazazi pia hupata afueni: wote wawili wanapobeba jeni mbovu, hatari kwa kila mtoto ni asilimia 25, lakini disomia iliyotokea hivi ni nadra kujirudia.