Kutoka Bandari ya Sidni hadi Mahakama za Kilifi: Fidia Huishia Wapi?

Tarehe 30 Oktoba 1951, meli iitwayo Wagon Mound ilimwaga mafuta mazito katika bandari ya Sidni kwa uzembe wa mabaharia wake. Mafuta yakaelea hadi gati ya jirani, ambako mafundi walikuwa wakichomelea vyuma. Msimamizi wao alisimamisha kazi, akaulizia, akaona hakuna hatari, kazi ikaendelea. Baada ya saa kama 60, cheche zikadondokea matambara ya pamba yaliyokuwa yakielea. Gati ikaungua.

Tangu kesi ya Polemis ya 1921, majaji wa London walishikilia kwamba mzembe hulipa kila hasara inayotokana moja kwa moja na kosa lake, hata kama hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1961, katika rufaa ya kesi ya Wagon Mound, Baraza la Faragha la Uingereza lilikataa kanuni hiyo. Uchafu wa mafuta gatini ungeweza kutarajiwa. Moto, kwa ushahidi uliotolewa, haukutarajiwa. Kampuni iliyoikodi meli hiyo haikulipia moto.

Wakati huo Baraza hilo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya rufaa kwa Kenya. Hivyo kanuni ikafika hadi mahakama za Kilifi.

Lakini kinachopaswa kutarajiwa ni aina ya madhara, si ukubwa wake. Mfanyakazi mmoja Uingereza aliunguzwa mdomo na chuma kilichoyeyuka mwaka 1950. Mwili wake ulikuwa tayari na dalili za awali za saratani. Kidonda kikaiamsha, naye akafa miaka mitatu baadaye. Mwajiri alilipia kifo, kwa kuwa kuungua kulitarajiwa. Aliyekosa humpokea aliyeumia kama alivyo.

Kilifi, ambako selimundu si ugonjwa mgeni, kanuni hii ina uzito wake. Tuseme pikipiki inamgonga kijana mwenye selimundu na kumpasua mguu. Kwa mwingine, jeraha lingepona kwa wiki chache. Kwake, vijidudu vinaingia mfupani, analazwa miezi. Dereva hawezi kujitetea kuwa hakujua hali yake. Kuumia mguu kulitarajiwa, na kuoza kwa mfupa ni mwendelezo wake.

Hata hivyo, dereva hawajibiki kwa ugonjwa wenyewe. Jaji huuliza kijana angekuwa na hali gani bila ajali: maumivu yake ya kila mwaka na dawa alizokwisha kuzoea hutolewa kwenye hesabu. Hapo ndipo madai mengi huyumba, kwa kukosa rekodi za kabla ya ajali.

Basi mwenye maradhi ya kudumu aitunze kadi yake ya kliniki, na akigongwa afungue kesi kabla ya miaka mitatu kwisha.